Vifaranga 100, wiki nane za kwanza: banda, chakula na chanjo kwa anayeanza

Mwongozo huu unafuata kundi moja tu: vifaranga 100 wa kuku wa mayai au chotara, tangu wanapotolewa kwenye boksi hadi wanapotimiza wiki nane. Hapo ndipo wengi wanaoanza hupoteza kuku. Akifa kifaranga wiki ya nne husemwa ni ugonjwa, na kweli ni ugonjwa, lakini mara nyingi chanzo kiko nyuma: alipigwa na baridi usiku wa pili, akashindwa kula, akadumaa, na siku ya chanjo wenzake wenye nguvu wakamsukuma mbali na maji. Kwa hiyo tutaanza na banda, lakini macho yetu yako kwenye chanjo.

Banda: kwanza ukubwa

Kuku mkubwa wa mayai anayefugwa sakafuni anahitaji nafasi ya kutosha kuku watano kwa mita moja ya mraba. Kuku 100 basi wanataka mita 20 za mraba, yaani chumba cha mita 4 kwa 5. Jenga ukubwa huo tangu mwanzo, hata kama vifaranga watakaa kwenye kona yake kwa wiki tatu. Ukijenga dogo ukisema utaongeza baadaye, kuku hukua haraka kuliko fedha ya kuongezea, na msongamano huleta kudonoana na maranda yaliyoloa.

Kwenye sehemu zenye joto, banda lilale mashariki kwa magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kuta ndefu zijengwe imara hadi sentimita 60 kutoka chini, kuzuia upepo usiwapige vifaranga moja kwa moja, na juu yake uweke wavu hadi kwenye paa. Wavu uwe wa matundu madogo, yasiyozidi sentimita moja na robo. Wavu wa kawaida wa kuku wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini panya na nyoka hupita, na panya mmoja anaweza kuburuta vifaranga kadhaa kwa usiku mmoja. Sakafu ya saruji ni rahisi kuosha; kama ni ya udongo, ishindiliwe sana na iinuke kuliko uwanja wa nje ili mvua isiingie.

Juu ya sakafu weka maranda ya mbao makavu, kina cha sentimita 5 hadi 8. Pumba za mpunga zinafaa pia. Vumbi la msumeno halifai kwa vifaranga wadogo, kwa kuwa hulidonoa wakidhani ni chakula. Ukitaka kujua hali ya maranda, yafumbate mkononi kisha ufungue kiganja. Yakibaki donge, yameloa kupita kiasi: ondoa yaliyoloa, weka makavu, na utafute maji yanatoka wapi. Yakishikana kidogo halafu yakaachana, ni mazuri. Yakimwagika kama mchanga na kutimua vumbi, yamekauka mno na yatawaletea vifaranga mafua.

Kama banda liliwahi kuwa na kuku, toa maranda yote ya zamani, osha kwa sabuni na maji hadi uchafu uishe, liache likauke, ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikipulizwa juu ya kinyesi kilichoganda haifanyi kazi. Kisha liache tupu wiki mbili.

Bruda

Bruda ni eneo dogo lenye joto ndani ya banda. Kwa vifaranga 100 tengeneza duara lenye upana wa mita 2, ukitumia ubao mwembamba, makuti, mabati mepesi au karatasi ngumu ya maboksi, urefu wa kwenda juu sentimita 45. Mzingo wake utakuwa kama mita 6 na robo, basi nunua au unganisha mita 7 ili ncha zipishane. Liwe duara kweli, lisiwe na kona. Vifaranga wakishtuka au wakipata baridi hukimbilia kona na kulaliana, wa chini wakakosa hewa. Asubuhi unakuta kumi wamebanwa, wamelowa, na hakuna hata mmoja mwenye dalili ya ugonjwa.

Joto linalotakiwa wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, likipimwa kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, pembezoni mwa chanzo cha joto. Kila wiki punguza nyuzi kama 3, hadi uwe kwenye 21 hivi. Balbu maalumu ya joto ya wati 250 ikining'inizwa sentimita 45 hadi 50 juu ya maranda inatosha kundi hili katika banda lisilo na upepo mkali. Ifunge kwa mnyororo au waya, kamwe usiiache ining'inie kwa waya wake wa umeme, kwani ikianguka kwenye maranda banda linaungua.

Ukitumia jiko la mkaa, liwashie nje na uliingize mkaa ukiwa mwekundu wote bila moshi, kisha ulizungushie wavu vifaranga wasiliparamie. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo sehemu ya juu ya kuta ibaki wazi hata usiku wa baridi. Vifaranga wanaosinzia, wamelala chali na kufa bila sababu karibu na jiko la mkaa wamevuta hewa hiyo. Na hatari yake kwa mtu anayelala bandani kuwalinda ni ile ile.

Washa joto saa 24 kabla vifaranga hawajafika. Hewa hupata moto haraka, lakini maranda na sakafu huchelewa, na kifaranga analala juu ya maranda. Kipimo kizuri kuliko kipimajoto unacho mwenyewe: dakika thelathini baada ya kuwaweka, mshike kifaranga mmoja na ugusishe nyayo zake kwenye shavu lako. Zikiwa na uvuguvugu, yuko sawa. Zikiwa baridi, hata kama kipimajoto kinasoma 33, sakafu ina baridi na huyo kifaranga hatakula.

Baada ya hapo acha vifaranga wenyewe wakuambie. Wakijikusanya chini ya balbu na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Shusha balbu sentimita chache. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yameachwa, wana joto, ipandishe. Wakirundikana upande mmoja tu, upepo unaingia kutoka upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamejilaza na miguu imenyooshwa, usiguse kitu. Waangalie saa nne usiku na tena alfajiri, kwa sababu mchana karibu kila bruda huonekana nzuri.

Wiki ya pili panua duara hadi mita 3, na mwishoni mwa wiki ya tatu ondoa ukuta wake kabisa. Joto la usiku liondoe pale tu manyoya ya mgongoni yanapokuwa yamewafunika, mara nyingi kati ya wiki ya nne na ya tano, mapema kidogo kwenye joto na baadaye kwenye baridi.

Hewa nayo isisahaulike. Kosa la kawaida ni kufunika banda lote kwa turubai kwa hofu ya baridi. Pazia la gunia au turubai lifungwe chini na lifunguliwe kutoka juu, kwa kuwa hewa chafu yenye joto hupanda na kutokea huko, huku vifaranga chini wakiwa wamekingwa. Pima kwa kuchuchumaa hadi kichwa chako kiwe karibu na kimo chao, ukae dakika mbili. Macho yakikuwasha, yao yanawasha mchana na usiku. Hewa ya mkojo na kinyesi huharibu njia ya hewa ya kifaranga, na hapo mafua huingia kirahisi.

Siku ya kwanza: maji kabla ya chakula

Tandika karatasi zisizoteleza juu ya maranda kwa siku mbili tatu za mwanzo. Magazeti yanafaa, karatasi laini zinazong'aa hazifai: kifaranga huteleza, miguu ikapanuka kando na isirudi. Weka vyombo viwili vya maji vya lita 4, kimoja kwa kila vifaranga 50, vikae mbali kidogo na balbu ili maji yasichemke. Maji yawe ya uvuguvugu wa banda, yasitoke kisimani moja kwa moja yakiwa baridi.

Chovya mdomo wa vifaranga kumi au kumi na tano kwenye maji unapowatoa kwenye boksi, wengine wataiga. Wakishaanza kunywa, mwaga chakula kidogo kwenye karatasi na kwenye sinia mbili. Sauti ya midomo ikigonga karatasi huwavuta wenzao kula.

Kesho yake, saa 24 baada ya kufika, pima gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo upande wa kulia wa kifua. Shika vifaranga 20 kutoka pande tofauti za bruda, na upapase kwa kidole taratibu. Gole lililojaa na laini, kama uji mzito ndani ya puto, ni la kifaranga aliyekula na kunywa. Likiwa gumu kama punje, amekula lakini hajapata maji. Likiwa tupu, hajajua chakula kilipo au ana baridi. Angalau 19 kati ya 20 wawe na gole lililojaa laini. Wakiwa pungufu ya hapo rekebisha leo: joto kwanza, kisha mwanga, kisha idadi ya vyombo. Kifaranga ana akiba ya kiini cha yai tumboni inayomshikilia siku mbili tatu tu, ndiyo maana wasiojifunza kula hufa siku ya nne au ya tano, wakati mfugaji ameshatulia.

Kufa vifaranga wawili au watatu katika wiki hiyo ya kwanza si ajabu kwa kundi la 100. Wakizidi hapo, au wakiendelea kufa kila siku baada ya siku ya saba, usisubiri.

Chakula: magunia manne

Kwa wiki nane nunua chakula kamili cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20. Hatushauri anayeanza kuchanganya mwenyewe katika kipindi hiki. Ukikosea kwa kuku mkubwa, mayai hupungua na unarekebisha. Ukikosea kwa kifaranga, mifupa na manyoya hukwama na umri ule haurudi. Zaidi ya hayo, mahindi yaliyovunda kidogo huwa na sumukuvu, na kifaranga huumia nayo mapema kuliko kuku mzima.

Hiki ni kiasi cha kukadiria kwa kifaranga mmoja kwa siku, kuku wa mayai. Wiki ya kwanza gramu 12, ya pili 19, ya tatu 25, ya nne 30, ya tano 36, ya sita 42, ya saba 47, na ya nane 52. Jumla kwa kifaranga mmoja ni kama kilo 1.85. Kwa vifaranga 100 ni kilo 185, yaani magunia manne ya kilo 50, na kidogo kitabaki. Chotara wenye mwili mkubwa hula zaidi, basi kwao ongeza gunia la tano kwenye hesabu.

Takwimu hizo si za kumpimia kifaranga chakula chake. Wiki hizi chakula kisikose kwenye chombo. Kazi yake ni kukuonya: wiki ya tatu unatarajia kundi lile kilo 2 na nusu kwa siku. Likila kilo 2 jana na kilo moja na nusu leo, kuna jambo, na umelijua siku moja au mbili kabla dalili nyingine hazijatokea. Andika kila siku kwenye daftari: chakula kilicholiwa, maji, na waliokufa. Maji huwa mara mbili ya uzito wa chakula, na zaidi kwenye joto. Yakipungua maji, chakula kitafuata.

Sinia za mwanzo ziondoe taratibu kuanzia siku ya saba. Kuanzia wiki ya tatu kila kifaranga apate sentimita 5 za ukingo wa kulia. Kwa 100 ni mita 5 za ukingo, na kwa kuwa kihori huliwa pande zote mbili, vihori vyenye jumla ya urefu wa mita 2 na nusu vinatosha. Vijaze nusu tu, au theluthi. Kihori kikijazwa hadi juu kifaranga huchakura na kumwaga, na chakula kilichochanganyika na maranda mabichi huota ukungu. Inua vihori na vyombo vya maji kila wiki ili ukingo ulingane na mgongo wa kuku. Hapo anakula bila kuchafua.

Makosa mawili ya chakula hurudi kila mara. La kwanza ni kuwapa vifaranga chakula cha kuku wanaotaga kwa sababu kimebaki kwenye gunia. Kile kina chokaa nyingi, asilimia 3 na nusu hadi 4, kwa ajili ya ganda la yai. Figo za kifaranga hazimudu kuitoa, na huharibika. La pili ni kubadilisha chakula ghafla. Wiki ya nane ikiisha, hamia chakula cha kukuzia kwa siku nne: siku ya kwanza robo ya kipya, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne chote.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na usinunue akiba ya zaidi ya mwezi mmoja.

Chanjo: kalenda ya kundi

Kalenda hii ndiyo ya kawaida kwa kuku wa mayai. Mtaalamu wa mifugo wa eneo lako anaweza kuisogeza kulingana na magonjwa yaliyopo, na ukiambiwa hivyo mfuate.

- Siku ya 1: mahepe, kwa sindano, hufanyika kwenye kituo cha kutotolea. Uliza kama imefanyika, na uonyeshwe.
- Siku ya 7: mdondo, ambao wengine huuita kideri.
- Siku ya 14: Gumboro.
- Siku ya 21: mdondo tena.
- Siku ya 28: Gumboro tena.
- Wiki ya 6 hadi 8: ndui.
- Baada ya hapo: mdondo kila miezi mitatu.

Marudio yana sababu. Kifaranga huanguliwa na kinga aliyorithi kwa mama kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huishambulia chanjo. Hupungua kwa kasi tofauti kwa kila kifaranga, hivyo siku ya 14 chanjo ya Gumboro huwashika baadhi, na ya 28 huwashika wale ambao kinga ya mama ilikuwa bado juu. Anayefanya moja na kuacha ya pili anaacha sehemu ya kundi wazi, na Gumboro hupiga zaidi kati ya wiki ya tatu na ya sita. Na chanjo haikingi siku hiyo hiyo: hesabu wiki moja hadi mbili.

Chanjo nyingi kati ya hizi ni virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Vikifa, umewapa kuku maji matupu. Joto, jua, klorini, sabuni na dawa ya kuoshea vyombo, vyote huviua. Inunue siku unayoitumia au jana yake, iwekwe kwenye chombo cha baridi chenye barafu, na nyumbani ikae kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Angalia tarehe ya mwisho, na uangalie kidonge kilicho ndani ya chupa: kiwe kikavu na kizima. Kikiwa kimeyeyuka na kunata, usinunue.

Siku ya 7, kwa vifaranga 100, tunapendelea tone la jichoni kuliko maji. Watu wawili humaliza chini ya saa moja, na kila kifaranga anapata dozi yake bila kubahatisha. Gawa bruda kwa kipande cha boksi. Mmoja anashika kifaranga upande wake, jicho moja likiangalia juu. Mwingine anadondosha tone moja na wote wanasubiri hadi lizame, kifaranga apepese jicho, ndipo awekwe upande wa waliokwisha. Akiachiwa mara moja hutikisa kichwa na tone linaruka. Chupa isimamishwe wima kabisa: ikiinamishwa tone huwa dogo au lenye povu, na chanjo itabaki nyingi huku kuku wamekwisha. Usiikumbatie chupa mkononi muda wote, kiganja kina joto; kila baada ya vifaranga ishirini irudishe kwenye barafu.

Siku ya 14, saa kwa saa

Gumboro hutolewa kwa maji. Hapa ndipo wengi hukosea, basi tuifanye yote.

Siku mbili kabla, toa dawa yoyote ya kuua vijidudu kwenye maji. Jana yake osha vyombo vya plastiki kwa maji safi na brashi bila sabuni. Vyombo vya bati vyenye kutu visitumike. Ukitumia maji ya bomba, yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Kopa chombo cha tatu cha maji siku hiyo, ili vifaranga wote wapate nafasi kwa wakati mmoja.

Maji kiasi gani? Njia nyepesi ni hii: umri kwa siku ndio idadi ya lita kwa kuku 1,000. Kwa siku 14 ni lita 14 kwa 1,000, basi kwa 100 ni lita 1.4. Siku ya 28 itakuwa lita 2.8. Ukitaka uhakika zaidi, jana asubuhi waondolee maji kwa muda ule ule, kisha wape lita 2 zilizopimwa na uone wamekunywa kiasi gani kwa saa moja na nusu. Hicho ndicho kiasi cha kesho.

Saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, ondoa vyombo vyote vya maji. Chakula kiache, maana kula ndiko kunakowapa kiu. Waache bila maji saa moja kama kuna joto, saa mbili kama kuna baridi. Usizidishe; wakiwa na kiu kali hukanyagana, wenye nguvu wakanywa dozi tatu na wadogo wakakosa.

Saa 12 na nusu koroga gramu 3 na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kijiko cha chai kilichojaa kidogo, kwenye lita 1.4 zako. Maziwa humaliza klorini iliyobaki na kuvikinga virusi. Yenye mafuta hayafai. Subiri dakika 20 hadi 30.

Saa moja kasoro dakika tano, fungua chupa ya dozi 100 ikiwa imezamishwa ndani ya maji hayo, kizibo kikitoka chini ya maji. Chupa imefungwa bila hewa, basi itavuta maji kwa nguvu. Isipovuta, ilishavuja, na chanjo yake haiaminiki. Suuza chupa mara mbili tatu ndani ya maji yale yale, koroga kwa kijiko cha plastiki, gawa kwenye vyombo vitatu, na uviweke chini vyote pamoja, mbali na jua.

Sasa usiondoke. Tembea taratibu ukizunguka ili waliolala wainuke na wa nyuma wasogee. Maji yaishe kati ya saa moja na saa mbili. Yakiisha ndani ya dakika 20, yalikuwa kidogo na baadhi hawakupata: kesho utakuwa hujui ni nani, kwa hiyo andika kwenye daftari na umweleze mtaalamu kabla ya siku ya 28. Yakibaki baada ya saa mbili, yamwage. Virusi vimekwisha kufa na wakinywa hawapati kitu. Dozi iliyobaki kwenye chupa haihifadhiwi kwa wiki ijayo. Chupa tupu ichemshwe au ichomwe, isitupwe uwanjani. Kisha warudishie maji ya kawaida. Vitamini unaweza kuwapa, dawa ya kuua vijidudu subiri hadi kesho yake.

Kifaranga mgonjwa hachanjwi. Kundi likiwa linaharisha au limeacha kula siku ya 14, ahirisha siku chache, tibu, halafu uchanje. Chanjo huuamuru mwili kufanya kazi, na mwili wa mgonjwa tayari una kazi nyingine.

Kutofautisha yanayofanana

Wiki ya tatu hadi ya sita magonjwa matatu huja na kuhara, na kila moja lina njia yake. Kinyesi chenye damu au cha rangi ya kahawia, maranda yameloa, vifaranga wamejikunyata: ni kuhara damu, inayoletwa na vimelea vya utumbo. Hii ina dawa, kama amprolium, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na inakwenda sambamba na kubadilisha maranda. Ukitibu bila kukausha sakafu, itarudi. Kinyesi cheupe chenye majimaji, kifaranga anadonoa sehemu yake ya haja, vifo vinapanda kwa siku tatu nne kisha vinashuka ghafla: hiyo ni Gumboro. Kinyesi cha kijani, kupumua kwa shida, shingo kupinda na wengi kufa: ni mdondo. Haya mawili ya mwisho ni ya virusi na hayana tiba. Antibayotiki anayouziwa mfugaji haigusi virusi. Husaidia tu dhidi ya bakteria wanaoingia baadaye. Ukiona dalili za mdondo, usiuze wala kugawa kuku wako, zika au choma waliokufa, na utoe taarifa kwa ofisi ya mifugo.

Ndui, na jinsi ya kujua imeshika

Ndui ndiyo chanjo pekee katika kalenda hii inayoonyesha majibu kwa macho. Hutolewa kwa sindano yake yenye ncha mbili. Kunjua bawa, tafuta ngozi nyembamba isiyo na manyoya mbele ya kiungo, chovya sindano kwenye chanjo na uitoboe ngozi hiyo kutoka chini hadi ng'ambo. Epuka mshipa wa damu na mfupa, na hakikisha manyoya hayajaifuta dawa kabla haijafika kwenye ngozi.

Baada ya siku 7 hadi 10 kamata kuku 20 na ukunjue bawa lile lile. Pawe na kivimbe kidogo au kigaga palipotobolewa. Wakikionyesha 18 au zaidi, imeshika. Wakiwa 9 au 10, chanjo ilikufa njiani au sindano haikuchovywa kila mara, na kundi zima lirudiwe kwa chupa mpya. Ukiwa na bawa mkononi, tazama na kifua pia: mfupa wa kifua uwe umefunikwa na nyama pande zote mbili. Ukiuhisi mkali kama kisu, huyo hakupata nafasi kwenye kihori, na pengine hata kwenye maji ya siku ya 14.